BARUA YA KUOMBA LIVU BAADA YA MIMBA KUHARIBIKA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wanawake wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona tu. Mwenzetu mmoja wa shamba la maua, katika nyumba ya kufungia, mimba yake ya miezi mitatu ilitoka Jumamosi usiku. Alilazwa, akasafishwa kizazi, na daktari akampa siku 7 za kupumzika. Jumatatu alimtuma mdogo wake kwangu na karatasi mbili, akiuliza ampe meneja ipi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ile ya kutoka hospitali, yenye habari zote. Ya pili ilikuwa hati ya siki-ofu, yenye jina, tarehe na sahihi ya daktari. Nilimwambia apeleke ya pili tu. Sababu ni hii: madaktari huandika neno "aboshoni" hata mimba ikiwa imetoka yenyewe. Kwao ni neno la kazi tu. Lakini karani akilisoma, hudhani mama huyu ametoa mimba kwa mkono wake, na kabla ya saa ya chakula habari imefika langoni.

Hata Kiswahili chetu kina mtego huo. "Nilitoa mimba" na "mimba ilitoka" ni maneno mawili mbali kabisa, na la kwanza ni shtaka. Ukitaka kueleza, andika "mimba iliharibika" au "mimba haikuendelea".

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyi kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo livu ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Inatakiwa hati ya daktari, na mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo. Mapatano ya chama na mwajiri huweza kuzidisha siku hizo, basi yasomeni kwanza. Miezi mitatu ya livu ya uzazi ni jambo jingine, na kifungu chake hakitaji mimba iliyoharibika. Kwa mimba changa usiandike "livu ya uzazi", maana utakataliwa na kuanza kubishana ukiwa ungali mgonjwa. Ikiwa mimba ilikuwa kubwa, au mtoto alizaliwa amekufa, njoo tawini kabla ya kuandika lo lote.

Barua tuliyoandika ilikuwa hivi:

"Kwa Bwana Meneja. Jumamosi usiku nilishikwa na ugonjwa wa ghafla, nikalazwa hospitali. Daktari amenipa mapumziko ya siku 7 kuanzia leo Jumatatu, na hati yake naambatisha. Naomba siku hizo ziwe livu ya ugonjwa. Daktari ameagiza pia nisinyanyue ndoo za maji kwa wiki 2 nitakaporudi. Naomba habari za afya yangu zibaki kwako. Wako mtiifu."

Tazameni, hakuna uwongo ndani yake. Wako wanaoandika "malaria", kisha hati ya daktari inasema jingine, na meneja anapata kosa la kumshika nalo. Kunyamaza ni haki yako, kudanganya ni kujitega. Na lile la ndoo lilielezwa kwa sababu bila kulisema angepewa ndoo siku ya kwanza. Meneja anahitaji kujua unachoweza kufanya na usichoweza. Daktari aliandika agizo hilo katika hati bila kutaja kizazi.

Lakini kama meneja alikwisha ambiwa habari ya mimba, tuseme ulihamishwa kutoka kazi ya kunyunyiza dawa, basi ukinyamaza atakuuliza mbele ya watu tumbo laendeleaje. Hapo ongeza mstari mmoja: "Ile mimba niliyokuarifu haikuendelea. Naomba mimi na wewe tusiizungumze kazini." Si lazima useme ilikuwaje wala ilikuwa ya miezi mingapi.

Mwenzetu hakuwa amemwambia mtu. Aliporudi, karani alimwita, akamuuliza mbele ya foleni, "Kwani uliugua nini?" Akajibu kama tulivyokubaliana: "Hati ya daktari iko kwa meneja." Karani akauliza tena. Mjumbe wetu aliyekuwa karibu akamkumbusha kwamba kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 habari za afya ya mtu ni siri ya pekee, si za kuulizwa kwenye foleni. Akapewa kadi yake, akaenda meza ya kupanga maua, na ndoo zikabebwa na wengine.