Mzani Kwanza, Simu Baadaye

Akina mama mnaolima vitunguu Ruaha Mbuyuni, na ninyi mnaosuka vikapu vya milulu huko Iringa, leo nazungumza nanyi kuhusu kuuza kwa simu. Wanavikundi huambiwa kwamba simu itawaletea bei nzuri kwa kuwa inawafikisha kwa mnunuzi wa mjini. Naona kuna hatua inayorukwa hapo. Mnunuzi aliye Dar es Salaam haoni mzigo wenu, anasikia maelezo yenu tu. Mkimwambia “tuna magunia 40,” hajui atapata kiasi gani, na ninyi hamjui mnauza kiasi gani. Ndiyo maana nasema biashara ya simu huanzia kwenye mzani.

Chukueni lumbesa, gunia lililojazwa hadi likafungwa kilemba juu. Kanuni za vipimo Tanzania hazitaki mazao ya shambani yafungashwe kupita kilo 100, lakini lumbesa bado ipo. Tuseme mnunuzi amefika shambani na kutoa shilingi 104,000 kwa gunia. Mkidhani lina kilo 100, mtaona mmepata 1,040 kwa kilo. Likipimwa na kukutwa lina kilo 130, kumbe ni 800 tu. Sasa tuseme mnapiga simu soko la Ilala, mnaambiwa kilo ni 950. Kwa haraka mtataka kupakia. Ulizeni kwanza: hiyo ni bei ya mzigo ukiwa wapi, na nauli ni ya nani? Kama kwa kila kilo 100 mtalipa nauli 12,000, kupakia na kushusha 2,000, ushuru 1,000 na dalali 5,000, basi katika 95,000 mnabaki na 75,000, yaani 750 kwa kilo. Yule wa shambani alikuwa na bei bora kwa shilingi 50, ila hakuna ambaye angelijua hilo bila mzani. Hata mkiuza palepale shambani, simu imewafanyia kazi, maana sasa mnajua bei ambayo hamtakiwi kushuka chini yake.

Mtanijibu kwamba mnunuzi atakataa kilo, ataenda kwa jirani anayefunga lumbesa. Ni kweli, na mama mmoja mwenye magunia matatu hana nguvu ya kumzuia. Kikundi chenye mzigo wa kujaza Fuso kinayo, kwa sababu mwenye gari hapendi kuzunguka nyumba kwa nyumba. Lakini nguvu hiyo inategemea uwezo wa kusubiri. Bonyezeni shingo ya kitunguu kwa vidole: ikiwa bado laini na ina unyevu, hakijakauka, kitaoza njiani au ghalani, na mwenye mzigo unaooza hukubali bei yoyote. Kikundi kikaushe vizuri kwanza, ndipo kianze kupiga simu.

Kwa vikapu, futi ya fundi cherehani ndiyo mzani wenu. Pigeni picha nje, mchana, kivulini, futi ikionekana pembeni ya kikapu, kisha andikeni kimo, upana wa mdomo na kama kina mfuniko. Pigeni picha kikapu kilekile kitakachosafiri. Mteja aliyeona rangi iliyokolea akapokea iliyofifia hatauliza kuhusu mwanga wa picha, atadai fedha yake. Ombeni malipo ya awali ya kutosha kufidia nauli ya kwenda na kurudi, na mkikabidhi kifurushi kwenye basi, mtumieni mteja picha ya risiti.

Wapo wanaosema wengi wenu mna vitochi tu. Kitochi kinatosha kuulizia bei na kupokea fedha. Simu janja moja ya kikundi inatosha kwa picha. Hofu ninayoiona nzito zaidi ni ya fedha yenyewe. Ikiingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la katibu, kisheria hiyo ni laini yake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, na siku akiugua fedha zimekwama. Fungueni Lipa Namba au akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na watu wawili wawe wanapata taarifa. Tena msipakie mzigo kwa kuona ujumbe wa “umepokea.” Mtu yeyote anaweza kuuandika na kuutuma kutoka namba ya kawaida. Angalieni salio, kwa M-Pesa ya Tanzania ni *150*00#. Na mtu akipiga baadaye akisema amekosea kutuma, arudishiwe, msimtumie kwa mkono wenu. Mwambieni aombe marejesho kwa mtandao wake, na gari lisubiri mpaka salio lionekane.