Kidonda kinapona au kinaharibika?

(Muziki wa kipindi, sekunde kumi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo tunaiandika upya ile karatasi ya kutunza kidonda.

Karatasi nyingi husema: "Ukiona uwekundu, rudi." Maneno hayo yana shida mbili. Kwanza, hata kidonda kinachopona vizuri huvimba kidogo na kuwa na joto siku za mwanzo. Pili, kwenye ngozi yetu nyeusi uwekundu hauonekani vizuri. Mahali huonekana peusi zaidi, au pa zambarau. Basi tusitegemee rangi peke yake. Tuulize: leo ni afadhali kuliko jana?

Tuchukue mfano. Mama ametolewa uvimbe begani Jumatatu, akashonwa nyuzi nne. Jumanne na Jumatano anaumwa, pamevimba kidogo, na bandeji ina doa la maji mepesi ya rangi ya damu. Hayo ni ya kawaida. Kwa siku mbili hizo asipaloweshe. Alhamisi maumivu yanapaswa kupungua. Baadaye patawasha, na chini ya kovu patakuwa pagumu kama kamba kwa wiki kadhaa. Hiyo ni nyama inayoungana.

Lakini tuseme Ijumaa maumivu yanazidi. Anawe mikono kwa sabuni, aweke mgongo wa mkono kando ya kidonda, kisha begani upande wa pili, alinganishe joto. Achore mstari kwa kalamu ya biki pale joto au uvimbe unapoishia, juu ya ngozi nzima. Vikivuka mstari, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asingoje siku ya kutoa nyuzi, kwa sababu maambukizi mengi hujitokeza kati ya siku ya nne na ya kumi.

Usaha, harufu mbaya, homa yenye kutetemeka, au kidonda kufunguka: hayo hayahitaji mstari. Nenda mara moja. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, isipokoma, kimbia. Na taya zikikaza, hiyo huenda ni pepopunda: nenda hata usiku.

Usiweke majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge vya antibiotiki. Vinaleta uchafu, na vinamficha muuguzi anachotakiwa kuona.

Sasa karatasi yetu mpya, mwandikie asiyesikia redio: "Maumivu na uvimbe vipungue kuanzia siku ya tatu. Vikiongezeka, rudi leo. Usaha, homa, kufunguka, damu isiyokoma au taya kukaza: rudi sasa hivi. Nyuzi zitatolewa tarehe..." Mwombe muuguzi aijaze tarehe hiyo kabla hujatoka. Begani mara nyingi ni baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

(Muziki unapanda)