Mkubwa wako wa zamani, mkumbushe kwanza



Juzi nilikuwa nimeketi na rafiki yangu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkubwa wa depo ya vipuri hapa Lubumbashi, upande wa barabara ya Kasumbalesa. Simu yake ikalia, ujumbe wa WhatsApp. Akausoma, kisha akanionyesha: “Vye, jambo. Ni mi uyu. Niko natafuta kazi, nitumie rekomandasio leo, ni haraka.” Namba haikuwa na jina, na kwenye picha palikuwa na ua tu. Rafiki yangu akaniuliza, “Huyu ni nani?” Akairudisha simu mfukoni. Kijana yule, popote alipo, huenda anadhani mzee amemnyima kwa roho mbaya.

Kabla ya kuuandika upya ujumbe ule, tutenganishe makaratasi mawili ambayo wengi wetu tunayachanganya. La kwanza ni cheti cha mwisho wa kazi. Hiki ni haki yako. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlazimisha mwajiri akupe cheti hicho mkataba unapokwisha, kwa sababu yoyote ile. Ndani yake yanaandikwa kazi uliyofanya, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, na namba yako ya hifadhi ya jamii, ile ya INSS ambayo leo ni CNSS. Zaidi ya hayo hakiongezwi neno, si la sifa wala la lawama.

Ndiyo maana kampuni inayokuajiri inataka na karatasi la pili, yaani rekomandasio. Cheti kinasema ulikuwepo. Rekomandasio inasema ulikuwa mtu wa namna gani. Na hiyo hakuna sheria inayokupa. Ni hisani ya mtu, na hisani haiombwi kwa “nitumie leo”.

Sasa tumsaidie kijana wetu. Tuseme alitunza depo ile kuanzia Machi 2021 hadi Mei 2022, na leo anaomba kazi kama hiyo Kolwezi. Angeandika hivi:

“Jambo yenu, Papa Shefu. Ni miye,” hapo anaweka jina lake lote, “niliyetunza depo chini yenu kuanzia Machi 2021 hadi Mei 2022. Mwisho wa mwaka 2021 mulinipa kusimamia hesabu ya vipuri vyote. Sasa ninaomba kazi ya kutunza depo kwenye kampuni moja ya Kolwezi, na maombi yanafungwa Ijumaa ya juma lijalo. Mukiona inafaa, ninaomba barua ya ukurasa mmoja inayosema mambo mawili: namna nilivyotunza funguo na kadi za stoki, na hesabu ile ilivyokwenda. Cheti changu cha kazi kiko hapa chini, kiwasaidie kwa tarehe. Kama haiwezekani, muniambie tu, nitaelewa.”

Sikiliza kilichobadilika. “Nitumie” imekuwa “ninaomba”, na mkubwa anasemeshwa kwa wingi, “mulinipa”, “muniambie”, kama tunavyowasemesha wazee wetu nyumbani. Lakini adabu peke yake isingetosha. Ujumbe wa heshima usio na tarehe wala kazi ungemwacha mzee anauliza vilevile, “Huyu ni nani?” Ile hesabu ya mwaka 2021 ndiyo inayomrudishia sura ya kijana. Na yale mambo mawili yanampa cha kuandika, maana asipopewa ataandika kwamba “alikuwa mfanyakazi mzuri”, na huko Kolwezi maneno hayo yanasomwa kila siku bila kumsaidia mtu.

Ile sentensi ya mwisho wengi wanaiogopa. Wanaona kama wanamfungulia mkubwa mlango wa kukataa. Ndiyo, na ni vizuri akatae mapema. Barua iliyoandikwa kwa kulazimishwa inakuwa baridi, na anayeisoma anaihisi. Mkubwa akijibu “nitaangalia” mara mbili, tafuta mwingine aliyekuona ukifanya kazi.

Yako mambo mawili ya kuchunga. Usimwombe aongeze miezi ambayo hukufanya. Cheti chako kina tarehe, na karatasi zikipingana, zote mbili zinatiliwa shaka. Tena, kama mkubwa ameshaondoka kwenye kampuni ile, usimwombe muhuri wake. Muhuri ni wa kampuni. Aandike kwa jina lake, aseme wakati ule alikuwa na cheo gani, na aweke namba ya simu atakayoipokea akiulizwa.

Na wewe uliyeondoka kazini bila cheti, leo hii rudi kwenye ofisi ya wafanyakazi ya kampuni yako ukakidai. Hicho usikiombe kama hisani.