Chromebook au Kompyuta ya Mfumo Kamili: Kufundisha Siku Ambayo Intaneti Haipo

Mada kwa semina ya wakuu wa shule na walimu wa TEHAMA wa sekondari

1. Utangulizi

Niliombwa kulinganisha aina mbili za kompyuta mpakato. Maana zake mnazifahamu, hivyo nitazipitia haraka. Chromebook, iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, hutumia ChromeOS, mfumo uliojengwa juu ya kivinjari cha Chrome. Kazi nyingi hufanyika na kuhifadhiwa mtandaoni. Kompyuta ya mfumo kamili, yaani ya Windows au Linux, huweka programu na mafaili kwenye diski yake yenyewe. Chromebook nyingi ni nafuu, huwaka upesi na hazisumbuliwi sana na virusi. Sifa hizo sizipingi.

2. Programu zinazokosekana

Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows, pamoja na Microsoft Access, hazisimikiki kwenye ChromeOS. Faili la Excel lenye makro hufunguka katika Google Sheets, lakini makro zenyewe hazitendi kazi. Mhasibu anayeandaa mishahara kwa makro hizo apewe kompyuta ya mfumo kamili. Mazingira ya Linux yanaweza kuwashwa ili kusimika LibreOffice, ila msimamizi lazima aruhusu, na diski ya GB 32 hujaa upesi.

3. Tatizo la kuingia bila intaneti

Hapa naomba muda zaidi, kwa sababu ndipo vipindi vinapopotea. Tunaambiwa kwamba Chromebook hufanya kazi bila intaneti. Ni kweli, lakini kwa masharti ambayo ni nadra kuyaona kwenye nyaraka za zabuni.

Mwanafunzi anapoingia kwa mara ya kwanza kwenye mashine fulani, lazima intaneti iwepo ili akaunti yake ithibitishwe. Akishaingia, mashine hiyo humkumbuka, na siku nyingine anaweza kuingia bila intaneti. Mashine ya jirani haimjui.

Tuchukue maabara yenye Chromebook 20 na mikondo 6 ya wanafunzi 40, jumla wanafunzi 240. Kila mmoja akikaa popote anapotaka, ili aweze kuingia kwenye mashine yoyote siku ya ukame wa intaneti, tungehitaji maingio ya kwanza 4,800. Kila mwanafunzi akipangiwa mashine moja ya kudumu, yanatosha 240, yaani 12 kwa kila mashine. Hiyo ni kazi inayowezekana, tena bila kuongeza hata shilingi ya vifaa.

Hata hivyo, kuingia ni nusu ya safari. Google Docs haihariri hati bila intaneti mpaka kipengele cha Offline kiwe kimewashwa mapema, mtandao ukiwepo, kwa kila akaunti kwenye kila mashine. Aidha, baadhi ya wasimamizi huweka mpangilio wa kufuta data zote za mtumiaji anapotoka. Nia yao ya kulinda faragha ni njema, lakini mpangilio huo hufuta pia kumbukumbu ya akaunti, na kesho yake mwanafunzi huwa mgeni tena. Diski ikikaribia kujaa, mfumo wenyewe huanza kuondoa akaunti ambazo hazijatumika karibuni, na kazi ambayo haijapanda mtandaoni hupotea nazo.

Dalili ni rahisi kutambua. Ikiwa mwanafunzi aliyeingia jana kwenye mashine ileile anakataliwa leo bila intaneti, kagua kwanza mpangilio wa kufuta data. Wakikataliwa wale waliobadilisha viti tu, tatizo ni mgawanyo wa mashine. Kwa heshima zote kwa ofisi zinazotuletea vifaa, masuala haya yameripotiwa mara nyingi, na bado mashine zinafika bila mpangilio wowote wa matumizi bila intaneti.

4. Mapendekezo

1. Kila mashine iandikwe namba, na kila mwanafunzi apangiwe namba moja ya kudumu.
2. Wiki ya kwanza ya muhula itengwe kwa maingio ya kwanza, mtandao ukiwepo.
3. Kipengele cha Offline kiwashwe katika wiki hiyohiyo.
4. Mpangilio wa kufuta data uondolewe kwenye mashine za maabara.
5. Kazi zipandishwe mtandaoni angalau mara moja kwa wiki.
6. Kabla ya kusaini hati ya mapokezi, ruta izimwe, kisha mtu aliyekwisha kuingia aingie tena, afungue hati, aihariri na kuihifadhi.
7. Tarehe ya mwisho ya masasisho ya kila modeli iandikwe kwenye mkataba.
8. Ofisi ya uhasibu na masomo yanayohitaji hifadhidata yapewe kompyuta za mfumo kamili.
9. Shule isiyo na intaneti hata siku moja kwa wiki isipelekewe Chromebook.
10. Narudia la kwanza: mwanafunzi mmoja, mashine moja ya kudumu. Bila hilo, mengine yote hayatafaa.