Mmoja kwa Watano, Uhai kwa Dakika: Jibu Fupi kwa Hoja ya Manufaa

Mada iliyotolewa kwenye semina ya wahadhiri na wanafunzi wa falsafa, Thika

1. Utangulizi

Nimeombwa niijibu mada ya asubuhi kwa kuipima hoja ya manufaa katika mtanziko mmoja mashuhuri, kisha nitoe pingamizi moja tu. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa idara wala wa chuo. Naomba hilo liingie katika kumbukumbu, kwa sababu barabara nitakayoitaja ina wenyewe, nao wana mawakili.

2. Istilahi

Hapa nitapita mbio. Falsafa ya manufaa hufundisha kwamba tendo lililo sawa ni lile linaloleta jumla kubwa zaidi ya heri kwa wote linaowagusa, na kila mmoja ahesabiwe mmoja, asizidi. Jeremy Bentham aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1789, naye John Stuart Mill akaitetea mwaka 1861. Mtanziko ni hali ambayo kila njia iliyo wazi ina ubaya wake. Haya yako katika daftari la kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo tusonge.

3. Garimoshi na mafundi sita

Mtanziko wenyewe uliletwa na Philippa Foot mwaka 1967, na baadaye Judith Jarvis Thomson akaupanua. Tuulete kwenye reli tunayoijua, ile ya Nairobi hadi Nanyuki inayopita Ruiru na Thika. Garimoshi limekatika breki. Mbele yake mafundi watano wanatengeneza reli na hawana pa kukimbilia. Dereva anaweza kuligeuzia njia ya pembeni, ambako yuko fundi mmoja, naye pia hawezi kuponyoka. Aligeuze?

Mtetezi wa manufaa hachelewi kujibu. Akiacha, watakufa watano. Akigeuza, atakufa mmoja. Kama hatujui lolote jingine kuwahusu hao sita, basi kila uhai una uzito sawa, na jumla ya hasara ni ndogo upande wa mmoja. Kwa hiyo aligeuze. Kutokutenda nako ni uamuzi, na matokeo yake pia yatahesabiwa. Wengi wetu humu tunakubaliana naye, na mimi pia nakubali.

Tatizo langu linaanzia kwenye kukubali huko. Kwa miaka mingi nimesahihisha insha za wanafunzi wanaotoka kwenye garimoshi hili na kuhitimisha kwamba, kwa kuwa kujumlisha kumefaa hapa, kutafaa kila mahali. Nimeisikia hoja hiyohiyo katika vikao vya maoni ya umma, ikitolewa na watu wazima wenye jedwali la gharama na faida mkononi. Nitaipa hoja hiyo sehemu kubwa ya muda wangu.

4. Pingamizi: jumla haina mwenyewe

Tutoke relini twende barabarani. Barabara Kuu ya Thika ilizinduliwa rasmi Novemba 2012 baada ya kupanuliwa, na safari ya kati ya Thika na Nairobi ikapungua sana. Hiyo ni faida halisi, na anayeibeza hakuwahi kukaa kwenye foleni ya zamani. Lakini ripoti za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba katika barabara za Kenya kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni waenda kwa miguu.

Chukua kipande cha kilomita 2 karibu na steji yoyote kati ya Ruiru na Thika. Tuseme magari hupita hapo kwa kilomita 100 kwa saa, na kuna pendekezo la kuyapunguza hadi 50 kwa matuta na kivuko chenye taa. Takwimu zinazofuata nimezitunga kwa ajili ya hesabu. Si vipimo vya mahali fulani.

Kwa mwendo wa 100, kilomita 2 huchukua sekunde 72. Kwa mwendo wa 50 huchukua sekunde 144. Kila gari litapoteza sekunde 72. Yakipita magari 40,000 kwa siku, hasara ni saa 800 kila siku, yaani saa 292,000 kwa mwaka. Upande wa pili tuweke mtu mmoja anayegongwa na kufa hapo kila mwaka, ambaye angeishi miaka 40 zaidi. Tukihesabu saa 16 za kuwa macho kila siku, amepoteza saa 233,600. Jumla ya sekunde za madereva imeupita uhai wake. Kwa hesabu hii, tuta lisiwekwe.

Mtetezi makini atapinga, na ana haki. Atasema saa ya kuchelewa haiwezi kulinganishwa na saa ya kutokuwa hai. Anayechelewa bado anasikiliza redio. Vyema, tuipe saa ya kuchelewa thamani ya moja kwa tano. Hasara ya madereva inashuka hadi 58,400, na tuta linapita. Lakini nilihesabu mtu mmoja kwa kila gari. Ukikumbuka matatu na mabasi, ukaweka wastani wa watu watano, tumerudi 292,000. Punguza thamani tena, nami nitaongeza magari. Uzito wowote utakaouweka, ukiwa juu ya sifuri, ipo idadi ya magari itakayoushinda uhai wa mtu mmoja. Hilo halitokani na kukosea hesabu. Ndivyo nadharia yenyewe inavyotaka.

Pingamizi langu basi ni hili: ile jumla ya saa 292,000 haina mwenyewe. Hakuna binadamu aliyepoteza saa hizo. Walioko ni watu wengi, kila mmoja amechelewa kwa sekunde 72, na mtu mmoja aliyekufa. T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha mwaka 1998, alitoa mfano wa fundi aliyenaswa na mitambo ya umeme katika kituo cha televisheni wakati mamilioni wanatazama mechi ya Kombe la Dunia. Kumwokoa sasa kutakata matangazo kwa dakika 15. Kungoja mechi iishe kutamwacha akiteseka saa nzima. Kwa Scanlon, idadi ya watazamaji haibadilishi kitu. Tusimame mbele ya kila mtazamaji mmoja mmoja na kulinganisha dai lake na la fundi. Hakuna hata mmoja mwenye dai la kumshinda.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini garimoshi lilitudanganya. Kule relini, kila mmoja wa wale watano alidai kitu kilekile alichodai yule mmoja: uhai wake. Madai yakitoshana uzito, idadi inaweza kuamua, ingawa John Taurek, mwaka 1977, alipinga hata hilo. Kule kwenye steji hakuna usawa huo. Upande mmoja kuna sekunde, upande mwingine kuna uhai, na hoja ya manufaa haioni tofauti kwa sababu imekwisha kuzichanganya katika kapu moja kabla ya kuuliza ni za nani.

5. Majibu mawili ya mtetezi

Jibu la kwanza ni zito. Anasema: sote huhatarisha uhai kidogo ili tuokoe muda, ukikataa kujumlisha, piga marufuku magari yote. Nakubali kwamba mtu anaweza kukubali hatari ndogo kwa faida yake mwenyewe. Lakini tumwangalie mfanyakazi wa kiwandani anayekaa upande mmoja wa barabara. Asubuhi hupanda matatu ya Nairobi upande wake. Jioni matatu humshusha upande wa pili, giza limeshaingia, mfuko wa unga mkononi, naye husimama ukingoni akingoja pengo kati ya taa za magari. Kila abiria wa kwenda na kurudi huvuka barabara mara moja kwa siku. Huyo faida anaipata na hatari anaibeba, na inawezekana akiulizwa atakubali. Tatizo ni kwamba haulizwi. Mwenye gari lake binafsi naye huzipata zile sekunde 72 bila kuvuka kwa miguu hata siku moja. Pingamizi langu lina nguvu zaidi pale ambapo faida ni ya mmoja na hatari ni ya mwingine, na nguvu zake hupungua pale zinapokutana kwa mtu yuleyule.

Jibu la pili husikika zaidi vikaoni: daraja la waenda kwa miguu lipo, aliyevuka chini amejitakia. Tuseme daraja liko mita 300 kutoka steji. Kwenda na kurudi ni mita 600, yaani dakika 7 hivi kwa mwendo wa kawaida, mbali na ngazi na hofu ya kuporwa usiku. Tunamtaka atoe dakika 7 ili dereva asitoe sekunde 72. Hata Bentham angeikataa hesabu hiyo, maana dakika za mwenda kwa miguu hazikuingizwa kwenye jedwali kabisa. Hilo ni kosa la anayeitumia nadharia, wala si la nadharia, na haki inatutaka tusiyachanganye. Nadharia ikitumiwa vizuri ingelirekebisha kosa hilo. Lile la sehemu ya 4 haiwezi.

6. Mapendekezo

Kwa heshima ya taasisi zote husika, na bila kuzielekeza katika kazi zao, napendekeza:

(a) Mtanziko wa garimoshi ufundishwe pamoja na mfano wa Scanlon, ili mwanafunzi aone madai yaliyo sawa na yasiyo sawa katika kipindi kimoja.

(b) Mwanafunzi anayejumlisha atakiwe kutaja ni nani hasa anapoteza kila kilichojumlishwa, na kiasi gani.

(c) Majedwali ya faida za barabara yatenge safu ya muda wa waenda kwa miguu.

(d) Majedwali hayohayo yaonyeshe faida ni ya nani na hatari ni ya nani, badala ya kuishia kwenye jumla.

(e) Vifo visigeuzwe saa na kutiwa kapu moja na ucheleweshaji.

(f) Penye steji, mwendo upunguzwe kwanza. Daraja lihesabiwe kuwa nyongeza.

(g) Maoni ya umma yachukuliwe pia jioni kwenye steji zenyewe, kwa kuwa wanaovuka hawafiki ukumbini saa nne asubuhi.

(h) Hoja ya manufaa iendelee kutumika pale madai yanapotoshana, kama relini, na pale mtu anapojipimia hatari yake mwenyewe.

(i) Nasisitiza (b) na (d): kabla ya kujumlisha, uliza ni za nani.

Pendekezo la (g) halihitaji bajeti mpya. Naomba semina ilipitishe leo.