Mchuzi Ulioulizwa kwa Sauti ya Kushuka

Msikilizaji, katika miaka ya 1970 kantini ya wafanyakazi kwenye uwanja mkubwa wa ndege nchini Uingereza iliajiri akina mama waliotoka India na Pakistani. Haukupita muda, malalamiko yakaanza. Wapakia mizigo waliokwenda kula pale, na msimamizi pia, walisema wahudumu hao ni wakavu, hawana ushirikiano. Akina mama nao waliona wanabaguliwa. Ajabu ni kwamba maneno waliyosemezana na wateja yalikuwa machache mno.

Mwanaisimu John Gumperz, aliyeeleza kisa hiki katika kitabu chake cha mwaka 1982, alisikiliza kilichokuwa kikisemwa. Mteja akichukua nyama, mhudumu alitakiwa kumuuliza kama aongezewe mchuzi. Mhudumu Mwingereza alitamka neno moja, sauti ikipanda mwishoni: “Mchuzi?” Mama wa Kihindi alitamka neno hilohilo, sauti ikishuka: “Mchuzi.” Umesikia? La kwanza linakuuliza. La pili, masikioni mwa Mwingereza, lilikuwa kama kuambiwa: mchuzi ndio huo, utajijua. Kumbe kwa wale akina mama, sauti ya kushuka ndiyo njia ya kawaida ya kuuliza jambo kama hilo, na haina ukali wowote. Waliposikilizishwa kanda na kuelekezwa tofauti ilipo, ndipo wakaelewa kwa nini watu walikuwa wakiwanunia. Msimamizi naye akaelewa.

Kisa hiki kinaniuma kwa sababu pale hapakuwa na mkorofi hata mmoja.

Nasi tunaozungumza Kiswahili hatuko mbali na mtego huo. Ukiacha kutanguliza “je”, swali letu la ndiyo au hapana hubebwa na sauti peke yake. Chukua dirisha la mapokezi hospitalini. Mama amebeba mtoto mwenye homa, anaulizwa: “Una kadi ya bima?” Sauti ikiinuka kuelekea mwisho, hilo ni swali, anaweza kujibu hana bila aibu. Sentensi hiyohiyo ikitamkwa bapa na kuangushwa mwishoni, inageuka kauli: una kadi ya bima, mbona hujaitoa? Maneno hayajabadilika hata herufi, lakini mama ameshaanza kujitetea.

Sasa ongeza kasi. Mama anasema “shikamoo”, naye wa dirishani, macho kwenye daftari, anajibu kwa mkupuo mmoja: “marahabaunakadi”. Salamu imeitikiwa, ila haikupewa nafasi ya kusikika. Kituo kifupi tu baada ya “marahaba”, kisha ndipo swali lifuate, kinatosha kumwonyesha mgonjwa kwamba ameonekana. Kituo hicho hakirefushi foleni.

Kuhusu ukubwa wa sauti, wengi wetu tunawahukumu watu pasipo haki. Mfaransa Étienne Lombard alionyesha mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kukusudia. Na sauti ikipazwa, kwa kawaida hupanda pia na kuwa nyembamba zaidi, karibu sawa na sauti ya mtu aliyekasirika. Dirisha la kioo, feni juu, watoto wanalia, televisheni ukutani: anayehudumu anapaza ili asikike, anayehudumiwa anasikia karipio. Kumwambia mhudumu huyo awe mpole hakusaidii kitu. Zima televisheni, mpe tundu pana zaidi kwenye kioo, aweze kusogea karibu na kusema taratibu.

Utajuaje kwamba sauti yako inawasukuma watu? Mara nyingi hawatakwambia. Hufupisha majibu na kuacha kuuliza. Jirekodi kwa simu ukiwa kazini, kisha icheze rekodi hiyo chumba cha pili, mlango umefungwa, mpaka maneno yasishikike na ubaki mwendo wa sauti tu. Nalini Ambady na wenzake walifanya jambo linalofanana na hilo kwa madaktari wa upasuaji Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 2002. Walichukua vipande vifupi vya mazungumzo na wagonjwa, wakavichuja maneno yasieleweke. Madaktari ambao sauti zao zilisikika za kutawala zaidi, ndio walioelekea kuwa wamewahi kushtakiwa na wagonjwa. Hilo halithibitishi kwamba sauti ndiyo iliyoleta mashtaka, ila wasikilizaji walinasa kitu pasipo neno hata moja.

Tahadhari moja. Ukisikia ukali kwenye rekodi yako, usikimbilie kulainisha kila silabi na kuburuta maneno. Mtu mzima akisemeshwa polepole kupita kiasi, kwa sauti ya kubembeleza, hujiona amefanywa mtoto, na hilo nalo humsukuma mbali. Anza na mwisho wa maswali yako. Inua hapo tu, wiki hii, uone kama watu watajibu kwa sentensi ndefu zaidi.