Somo la Redio: Mama wa Mabatini na Fedha za Maskati

Keti vizuri, kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma hadithi na kufanya hesabu pamoja. Mwalimu wa darasa atasimama penye alama ya kituo ili mpate nafasi ya kuandika.

Hadithi ya leo tumeitunga kwa ajili ya somo, na mama anayesimuliwa hatutamtaja kwa jina. Lakini mambo yaliyompata huwapata watu wengi wanaokwenda kufanya kazi Arabuni, na huenda mmoja wenu ana ndugu aliyeko huko sasa.

Mama huyu alikuwa mkazi wa Mabatini, hapa Mwanza. Jina la mtaa wetu mnalijua, latokana na neno mabati. Alikuwa akinunua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwauza kwa mafungu sokoni. Mume wake alifariki akamwachia watoto wawili. Mtaji ulikuwa mdogo, na kila ada ya shule ilipofika, mtaji uliliwa. Basi akapata kazi ya nyumbani huko Maskati, mji mkuu wa Omani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Mshahara ulikuwa riyali 90 kwa mwezi, na chakula na malazi kwa mwajiri. Watoto akawaacha kwa mama yake.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo moja ambalo wengi hulisahau. Alikwenda benki mjini Mwanza akafungua akaunti kwa jina lake mwenyewe. Mdogo wake wa kiume alimwambia, "Dada, ya nini kusumbuka? Nitumie mimi, nitakununulia kiwanja na kukujengea." Mama akamjibu, "Mdogo wangu, nakupenda, na kwa sababu nakupenda sitaki fedha ije kutugombanisha." Alikwisha kuona jirani aliyetuma fedha za nyumba kwa miaka mitano, naye aliporudi akakuta msingi tu na majani yamemea juu yake.

Sasa tuzigawe riyali 90. Andikeni.

Riyali 30 zilikwenda kwa bibi wa watoto kwa chakula na shule. Riyali 10 zilikuwa zake mwenyewe kwa sabuni, simu na haja ndogondogo. Riyali 50 zilizobaki zilikwenda katika akaunti yake. Thamani ya riyali hupanda na kushuka, lakini leo, ili hesabu iwe nyepesi, tutaihesabu riyali moja kuwa shilingi 6,000. Ada ya kutuma fedha tutaiacha. Je, riyali 50 ni shilingi ngapi?

(Kituo. Jibu: shilingi 300,000.)

Miezi minne ya kwanza, fedha hizo zililipa deni la safari. Miezi minne iliyofuata hakuzigusa, zikawa shilingi 1,200,000. Hizo aliziita fedha za dharura. Fedha za dharura hazinunui kitu. Kazi yake ni kungoja siku mbaya. Baada ya hapo ndipo akaanza kuweka akiba ya mbele.

Hapo ndipo majaribu yalipoanza.

La kwanza lilikuwa hukohuko Maskati. Siku za mapumziko wenzake walikwenda soko la Matrah, wakatazama dhahabu. Mmoja akanunua bangili, mwingine simu kubwa kwa mkopo. Wakamcheka wakisema, "Wewe utarudi kwenu mikono mitupu, watu watajuaje kama ulikuwa Arabuni?" Hakuwabishia. Alikwenda nao, akatazama, akanywa chai, akarudi. Alijua kwamba dhahabu yaweza kuuzwa, lakini bangili ukiinunua dukani unalipia pia kazi ya sonara, na siku ya kuiuza mnunuzi hakurudishii malipo hayo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mdogo wake alitaka kuoa. Kamati ya harusi ikakaa, ikamwandikia dada wa Arabuni ahadi ya shilingi 1,000,000 bila kumwuliza. Mdogo wake akampigia simu. "Dada, usiniaibishe. Watu watasema nini?" Akajibu, "Mdogo wangu, nitatoa nilicho nacho. Sikuahidi milioni." Akachukua riyali 10 zake zote za mwezi ule, yaani shilingi 60,000, akatuma. Mwezi ule hakununua hata vocha ya simu.

Siku ya harusi majina ya watoaji yalisomwa kwa sauti, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja. Mama yake alikuwa amekaa mbele. Jioni akampigia binti yake simu akilia: "Mwanangu, wamekucheka mbele yangu. Je, kweli huna?" Usiku ule binti hakulala. Fedha ilikuwapo benki. Ingetosha kutuma neno moja tu na aibu ingekwisha. Lakini alifanya hesabu hii: shilingi 1,000,000 ni akiba ya zaidi ya miezi mitatu, na sherehe ilikuwa ya siku moja. Asubuhi akamwambia mama yake, "Mama, ninazo, lakini ni za wajukuu wako na za siku utakayougua. Nivumilie."

Siku hiyo haikukawia. Mnajua njia za mlimani kwetu zilivyo na mawe. Katika mwezi wa 16 wa mkataba, bibi aliteleza akavunjika mguu, akahitaji kupasuliwa. Gharama zote zikafika shilingi 700,000. Fedha za dharura zikatumwa siku ileile. Hakuna aliyekwenda kukopa kwa watu wa riba kubwa, wala mtoto hakutolewa shule. Miezi iliyofuata mama alijaza kwanza pengo lile la shilingi 700,000 kabla ya kuongeza akiba nyingine.

Sasa hesabu ya miaka miwili. Miezi 24, toa minne ya deni, toa minne ya dharura, inabaki 16. Mara shilingi 300,000, ni 4,800,000. Toa 700,000 za kujaza pengo. Inabaki ngapi?

(Kituo. Jibu: shilingi 4,100,000. Na zile 1,200,000 za dharura zipo kamili.)

Alipokuja likizo, watu walingoja aanze kujenga. Yeye akaenda benki akauliza habari za hati fungani za Serikali.

Hati fungani ni nini? Wazee wetu Wasukuma walipouza pamba walinunua ng'ombe. Ng'ombe alikaa zizini, na ndama ndio waliokuwa faida. Hati fungani hufanana na hayo. Unaikopesha Serikali fedha kwa muda uliotajwa, na kila baada ya miezi sita Serikali inakulipa riba. Riba ndiyo ndama. Muda ukiisha, unarudishiwa fedha yako, ndiyo ng'ombe mwenyewe. Zipo za miaka michache, na zipo za miaka 20 na 25. Kiasi cha chini cha kuanzia ni shilingi 1,000,000.

Huziuza Benki Kuu ya Tanzania kwa mnada. Mtu hufunguliwa akaunti maalumu ya dhamana kwa njia ya benki yake au wakala wa soko la mitaji, kisha huyo ndiye anayepeleka maombi yake mnadani. Bei ya mnada yaweza kuzidi au kupungua kidogo. Sisi tutachukua kwamba alilipa bei ileile iliyoandikwa.

Alinunua ya miaka 20 kwa shilingi 4,000,000. Tuseme riba ni 12 kwa mia kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 480,000 kwa mwaka, yaani 240,000 kila miezi sita. Riba hiyo haibadiliki mpaka mwisho wa hati yako, hata Serikali ikibadili riba za hati mpya. Mathalan, mwaka 2022 riba ya hati mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka 15.49 hadi 12.10 kwa mia, lakini wenye hati za zamani waliendelea kulipwa kama walivyoandikiwa.

Akarudi Maskati kwa mkataba wa pili. Safari hii hakuwa na deni. Miezi 24 mara 300,000 ni shilingi 7,200,000. Riba ililipwa mara nne, jumla shilingi 960,000. Ongezeni na zile 100,000 zilizobaki mwanzo.

(Kituo. Jibu: shilingi 8,260,000.)

Aliporudi kabisa alinunua hati nyingine ya shilingi 6,000,000. Tukichukua riba ni ileile, shilingi 10,000,000 zampa 1,200,000 kwa mwaka, ambayo ni kama 100,000 kwa mwezi. Zilizobaki, shilingi 2,260,000, zikawa mtaji wa dagaa. Sasa ananunua kwa magunia, si kwa debe. Ada ya shule haili tena mtaji, hutoka kwenye riba.

Lakini tusidanganyane. Alipokuwa Arabuni alituma nyumbani shilingi 180,000 kila mwezi. Riba yake haifiki hapo. Asipouza dagaa, nyumba haitatosheka. Tena shilingi 10,000,000 za baada ya miaka 20 hazitanunua mabati mengi kama leo, kwa kuwa bei hupanda. Na akitaka kuiuza hati kabla ya muda, huuzwa kwa njia ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, na siku hiyo huenda akapata pungufu. Ndiyo maana fedha za dharura hakuziweka humo.

Jihadharini pia na matapeli. Mtu akikwambia fedha yako itazaa mara mbili kwa mwezi, mkimbie. Mtu akitaka umtumie fedha ya hati fungani katika simu yake, usitume. Mwulize wakala leseni yake, nayo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Na ukishanunua, dai taarifa ya maandishi yenye jina lako na kiasi chako. Wasiojua kusoma huonyeshwa karatasi yoyote wakaamini. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni jina, kisha someni tarakimu.

Na yule mdogo wake? Mwaka jana alikuja kwa dada yake jioni, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Dada, nifundishe ile hesabu ya riyali 90." Wazee wa pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Dada akaenda kuleta daftari.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mama alifungua akaunti kabla ya kusafiri?
2. Je, ilikuwa haki kutoa shilingi 60,000 tu kwa harusi ya mdogo wake? Semeni sababu zenu.
3. Mtu ana hati fungani ya shilingi 3,000,000 kwa riba ya 12 kwa mia. Atalipwa kiasi gani kila miezi sita? (Jibu: shilingi 180,000.)
4. Andika maneno haya mara tatu: akiba, dharura, riba, mnada, hati fungani.

Somo letu limefika mwisho. Kwaherini mpaka tutakapokutana tena.